Likizo ya kasa: Aprili, Agosti au Desemba?

Mtu wa Nairobi anayetaka kuwapeleka watoto wakaone kasa huanza kwa kuuliza aende wapi, Watamu au Diani. Swali hilo linaweza kungoja. La kwanza ni aende lini, kwa sababu mwezi ndio unaoamua ataona nini: kasa jike akipanda ufuoni kutaga, vitoto vikichomoka mchangani, au kasa mzima akila nyasi za bahari mchana kweupe. Ni nadra kuyaona yote matatu katika safari moja. Na kwa familia nyingi miezi yenyewe imeshapangwa na kalenda ya shule: Aprili, Agosti, na ile likizo ndefu ya mwisho wa mwaka.

Kwenye pwani ya Kenya kasa hutaga mwaka mzima, ila viota vingi hupatikana kati ya Machi na Julai, na vingi kabisa ni vya kasa wa kijani. Ng'amba hutaga pia, kwa uchache. Mayai hukaa mchangani siku 50 hadi 65 hivi, kwa hiyo msimu wa kuanguliwa huufuata ule wa kutaga kwa nyuma kama miezi miwili: kuanzia Mei hadi Septemba.

Safari hizi tatu tunazipima kwa vigezo vitano: uwezekano wa kuona, saa za kungoja (hasa ukiwa na watoto), hali ya hewa na bahari, madhara ambayo mtazamaji anaweza kumletea mnyama, na mtu anayefaidi zaidi. Bei tumeiacha nje kwa makusudi. Hubadilika kila mwaka, na wakati wa likizo za shule anayechelewa kukata tiketi ya treni ya Nairobi–Mombasa huumia katika mwezi wowote.

Safari ya Aprili: kumwona jike akitaga

*Uwezekano.* Aprili iko ndani ya msimu, lakini msimu si ahadi. Jike hatagi kila mwaka. Hukaa miaka miwili, mitatu au minne akila na kujinenepesha, kisha mwaka wake ukifika hupanda ufuoni mara tatu hadi sita, kila mara baada ya wiki mbili hivi. Muda huo wa wiki mbili ndio wa kukusaidia kupanga. Walinzi wa viota huandika kila alama ya kasa wanayoikuta alfajiri. Ikiwa jike ametaga usiku wa tarehe 5 Aprili, wataanza kumtarajia tena kati ya tarehe 15 na 21, na mara nyingi hurudi si mbali na pale alipopanda mwanzo. Basi kabla ya kufunga safari, wapigie simu uulize viota vya karibuni vilitagwa lini, halafu upange siku zako ziangukie kwenye marejeo hayo. Hata hivyo jiandae kukesha siku tatu au nne, na kurudi Nairobi umeona alama mchangani tu.

Alama nazo zina mambo yake. Kasa wa kijani huvuta mapezi ya kulia na kushoto kwa pamoja, hivyo huacha mistari inayolingana pande zote mbili, kama trekta ndogo imepita, karibu mita moja kwa upana. Ng'amba hutembeza mapezi kwa zamu, na alama yake ni nyembamba, mikwaruzo ikipishana. Ukikuta njia mbili, ya kupanda na ya kushuka, bila mchanga uliovurugwa katikati, ujue alipanda akageuka bila kutaga. Mara nyingine ni mchanga mkavu unaoporomoka au mzizi uliomzuia. Mara nyingine ni watu wenye tochi.

*Saa za kungoja.* Hapa ndipo wengi wanapokosea. Huchagua wikendi kwa kalenda ya kazini, kumbe kasa hufuata maji. Maji yakipwa, miamba ya pwani yetu hubaki nje na jike hana njia nzuri ya kufika ufuoni, kwa hiyo hupenda kupanda maji yakiwa yamejaa au yakiendelea kujaa. Sasa, kwenye pwani ya Kenya, siku za bamvu, yaani mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa karibu saa kumi, alasiri na tena alfajiri. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, hujaa karibu saa nne, asubuhi na tena usiku. Kila siku saa hizo husogea mbele kwa dakika 50 hivi.

Maana yake kwa mzazi ni kubwa. Ukifika siku za bamvu, dirisha lako zuri ni saa nane hadi saa kumi na moja alfajiri, wakati mtoto wa miaka saba hana macho wala subira. Ukifika mwezi nusu, au siku moja mbili kabla na baada yake, dirisha ni kuanzia saa mbili usiku hadi saa sita. Kwa hiyo tazama kwanza mwezi, kisha jedwali la maji kujaa na kupwa la Kilindini, ndipo uombe likizo. Kasa hasomi jedwali, na wapo wanaopanda saa zisizotarajiwa, lakini ukipanga hivi umeiweka nguvu yako mahali penye tumaini.

*Hali ya hewa na bahari.* Masika. Mvua ya pwani huanza mwishoni mwa Machi na Mei ndio mwezi wake mzito, kwa hiyo nusu ya kwanza ya Aprili ina nafuu kuliko ya pili. Mvua haimzuii kasa. Inakuzuia wewe: usiku kwenye koti la mvua, maji ya bahari yamechafuka, na baadhi ya hoteli ndogo hufunga kwa matengenezo. Kwa upande mwingine ufuo ni mtupu, na ufuo mtupu ndio anaoutaka jike.

*Madhara.* Kati ya safari hizi tatu, hii ndiyo yenye nafasi kubwa ya kuharibu, na inafaa ieleweke kwa hatua. Jike akitoka majini huinua kichwa na kusimama mara kwa mara. Wakati huo kivuli kinachosogea, mwanga wa simu au sauti ya kicheko yatosha kumgeuza. Akifika juu ya mstari wa maji, huchimba kwanza shimo pana la kulaza mwili, mchanga ukiruka nyuma yake. Kisha hutulia, na mapezi ya nyuma huanza kazi nyingine kabisa: pezi moja huingia ndani, hujikunja kama kiganja, huchota mchanga kidogo na kuuweka pembeni taratibu, halafu la pili hufanya vile vile, moja baada ya jingine, hadi tundu lifikie kina cha nusu mita au zaidi. Mpaka hapo mtazamaji hana ruhusa ya kusogea. Akae mbali, ameketi au kulala mchangani, bila mwanga wowote.

Mayai yanapoanza kudondoka, mawili matatu kwa pamoja, meupe, laini, yenye ukubwa wa mpira wa tenisi ya mezani, jike huwa ameshaamua. Hapo ndipo mwongozaji anapotoa ishara, na watu wachache husogea kwa kutambaa kutokea nyuma, kamwe si mbele wala ubavuni panapoonekana na jicho lake. Mwongozaji huwasha mwanga mwekundu hafifu, ukielekezwa kwenye tundu peke yake. Nafasi hii hudumu kama dakika 20. Hutaga mayai mia na zaidi, kisha huanza kufukia, na mwanga huzimwa. Kufukia na kuficha kiota kunaweza kuchukua saa nzima, mchanga ukirushwa kila upande, na watu hurudi nyuma tena hadi atakaposhuka majini. Machozi unayoyaona kwenye jicho lake ni chumvi inayotolewa na tezi zake. Hutoka hata akiwa baharini.

Aliyegeuzwa kabla ya kutaga huenda akajaribu tena usiku ule ule au unaofuata, kwingineko. Tatizo ni kwamba hiyo kwingineko yaweza kuwa sehemu mbaya zaidi, chini ya mstari wa maji, ambako mayai yatafurika na kuoza.

*Inamfaa nani.* Watu wazima, wanandoa, na vijana wanaoweza kuketi gizani saa tatu bila kugusa simu. Inamfaa pia anayeweza kuhamisha likizo yake ya kazini ili ifuate mwezi.

Safari ya Agosti: kuviona vitoto vikitoka

*Uwezekano.* Safari hii inaweza kupigiwa hesabu, kwa sababu tarehe ya kuanza kwake imeandikwa. Chukua kiota kilichotagwa usiku wa tarehe 10 Juni. Siku ya 50 ni tarehe 30 Julai, siku ya 65 ni tarehe 14 Agosti. Mchanga wa miezi ya baridi huchelewesha mayai, kwa hiyo viota vya Juni huelekea zaidi upande wa pili wa dirisha hilo. Ukija kulala siku 5 ndani ya hizo 15, na tukichukulia kwamba kila siku ina nafasi sawa, una theluthi moja ya kukikuta kikipasuka. Theluthi moja ni kidogo. Lakini kukiwa na viota vitatu ambavyo madirisha yao yanafunika siku zako zote, uwezekano wa kuvikosa vyote ni theluthi mbili mara theluthi mbili mara theluthi mbili, yaani 8 kwa 27. Maana yake una karibu asilimia 70 ya kuona angalau kimoja.

Kwa hiyo swali la kuwauliza walinzi mwezi Julai si «je, Agosti kuna kasa?» Jibu litakuwa ndiyo na halitakusaidia. Uliza: «Mna viota vingapi vinavyotarajiwa kati ya tarehe 6 na 11 Agosti?» Wakisema kimoja, sogeza tarehe kama unaweza. Wakisema vinne, kata tiketi.

Kuna njia ya pili ambayo wageni wengi hawaijui, nayo ndiyo ya uhakika zaidi. Siku mbili au tatu baada ya kundi kubwa kutoka, walinzi hufukua kiota. Huhesabu maganda matupu, mayai yaliyoharibika, na mara nyingi hukuta vitoto vichache vilivyokwama chini ya mizizi au maganda ya wenzao. Kazi hii hupangwa kwa saa inayojulikana. Ukiomba kwa adabu na mapema, huenda ukaruhusiwa kusimama pembeni. Kwa mtoto mdogo hili ni somo zuri kuliko kukesha, kwa sababu anaona kiota kizima kuanzia juu hadi chini, na huenda akaona vitoto viwili vitatu vikishuka baharini.

*Saa za kungoja.* Vitoto huvunja ganda siku mbili tatu kabla ya kutoka, kisha hupanda kwa pamoja, kila kimoja kikikanyaga mchanga ulioporomoshwa na mwenzake. Vikikaribia juu husimama vikingoja mchanga upoe, kwa hiyo wengi hutoka kati ya magharibi na usiku wa manane. Hapa maji kujaa au kupwa si jambo kubwa. Dalili ya kuangalia jioni ni kishimo kifupi kilichobonyea juu ya kiota, kama sahani, kwa kuwa chini mayai yamepasuka na nafasi imebaki. Dalili hiyo ikionekana, huenda ikawa usiku huo au kesho yake. Fikia mahali ambapo ukipigiwa simu utafika kwa miguu ndani ya dakika 10. Ukilala umbali wa nusu saa kwa gari, utafika mwendo ukiwa umekwisha.

*Hali ya hewa na bahari.* Kusi linavuma, joto si la kuunguza, na mvua ni za kupita. Bahari ina mawimbi na maji hayako wazi, hivyo usitegemee kuogelea na kasa safari hiyo hiyo. Jioni ufuoni kuna upepo, na watoto wa Nairobi wanaodhani Pwani ni joto tu watahitaji sweta.

*Madhara.* Makosa ya Agosti ni madogo kwa macho na makubwa kwa kitoto chenye urefu wa kidole. La kwanza ni mwanga. Kitoto hutafuta upeo ulio chini na wenye mwanga zaidi, ambao kwa asili ni bahari. Taa ya baraza, simu inayorekodi, hata kioo cha simu kilichosahauliwa mkononi, hukigeuza kuelekea nchi kavu, na huko kuna kaa, siafu, na asubuhi kunguru. Wote wazime simu, si kuzipunguza mwanga. Nguo nyeusi au za rangi nzito zinafaa.

La pili ni nyayo. Unyayo wa mtu mzima kwenye mchanga laini ni bonde ambalo kitoto hupinduka ndani yake na kuhangaika. Watazamaji hukaa nyuma ya kiota au pembeni kabisa, hakuna anayesimama kati ya kiota na maji, na kabla vitoto havijatoka, njia husawazishwa kwa mkono. Watu wakishajipanga hawasogezi mguu hadi mlinzi aseme, kwa maana vitoto vilivyochelewa hupita gizani kati ya miguu yao.

La tatu ni huruma. Mtu akiona kitoto kimesimama, hukichukua akipeleke majini. Asifanye hivyo. Kule kutambaa kwake kuna kazi, na nguvu kilizotoka nazo kwenye kiini cha yai ni za siku chache tu: kukimbia mchanga, kuvuka mawimbi na kuogelea kwa mfululizo hadi maji ya kina. Ndiyo sababu mtu yeyote anayekuonyesha vitoto kwenye beseni saa sita mchana, akikutaka ulipe ili uviachie, unapaswa kumwacha na beseni lake. Vitoto hivyo vimeogelea kwenye beseni usiku kucha na nguvu zimekwisha, na vikiachiwa mchana ndege na samaki wanaviona vizuri. Vivyo hivyo kijana anayejitolea kukufukulia kiota ili uone mayai. Kijusi hujishikiza kwenye ganda saa chache tu baada ya kutagwa, na yai likigeuzwa baada ya hapo hufa. Walinzi wenye ujuzi huhamisha mayai usiku ule ule, bila kuyapindua, na tu pale kiota kilipo chini ya mstari wa maji au mahali hatari.

*Inamfaa nani.* Familia zenye watoto wa shule ya msingi, wazee wasioweza kutembea mchangani usiku kucha, na mtu mwenye tarehe zisizohamishika.

Safari ya Desemba: kasa ndani ya maji

*Uwezekano.* Viota ni vichache, vipo lakini usijengee likizo juu yake. Kinachoongezeka ni nafasi ya kumwona kasa akiishi. Kasa wa kijani hula nyasi za bahari na mwani, na wengine hukaa eneo moja miaka na miaka, kwa hiyo manahodha wenye uzoefu wanajua mahali pao.

*Saa za kungoja.* Mchana, na hapa hesabu ya maji inageuka kinyume cha Aprili. Kutazama chini kwa miwani ni rahisi maji yakiwa yamepwa na kutulia. Siku za bamvu maji hupwa karibu saa nne asubuhi, jua likiwa juu na upepo bado haujapanda. Basi anayekuja Desemba achague mwezi mwandamo au mwezi mpevu. Aingie majini maji yakiwa chini kabisa, kwa sababu siku hizo mkondo kwenye mianya ya miamba huwa mkali maji yanapoanza kurudi.

*Hali ya hewa na bahari.* Kaskazi. Bahari imetulia, maji yako wazi, jua ni kali. Watu ni wengi na hoteli zimejaa.

*Madhara.* Kasa hupumua hewa. Akiwa anapanda juu na ukamfuata kwa kamera, hukatiza pumzi na kuzama tena. Kaa angalau mita 3 kutoka kwake, usiogelee juu yake, na umwache yeye achague kukaribia. Akibadilisha mwelekeo au akiongeza mwendo ghafla, umemsumbua, geuka. Nahodha apunguze kasi kwenye maji mafupi yenye nyasi, maana kasa wengi hujeruhiwa kwa rafadha. Kiota cha Desemba kikitokea karibu na hoteli yenye sherehe, taa zinazoelekea ufuoni ndizo tatizo. Omba zizimwe au zielekezwe chini.

*Inamfaa nani.* Wanaojua kuogelea, wasiotaka kukesha, na wanaotaka likizo kamili ambamo kasa ni sehemu tu.

Watamu au Diani?

Watamu iko kama kilomita 110 kaskazini mwa Mombasa, na uwanja wa ndege wa Malindi uko karibu. Hifadhi ya bahari ya Watamu ilianzishwa mwaka 1968, na shirika la Local Ocean Conservation limefanya kazi ya kasa hapo tangu 1997. Lina kituo cha kutibu kasa kinachopokea wageni. Wavuvi ambao nyavu zao zimenasa kasa kwa bahati mbaya hulipigia simu, kasa huchukuliwa, hukaguliwa, na mzima huachiwa hapo hapo. Hili hutokea mwaka mzima, kwa hiyo Watamu ina akiba: hata ukikosa kiota, huenda ukaona kasa akirudishwa baharini.

Diani ni rahisi zaidi kwa anayeshuka kwenye treni ya Miritini, hasa tangu barabara ya Dongo Kundu ilipompunguzia msafiri foleni ya kivuko cha Likoni. Ndege hutua Ukunda. Ufuo ni mrefu na una hoteli nyingi, maana yake vyumba vya kila bei, lakini pia taa nyingi na kuta za mawe zinazomzuia jike kupanda. Viota huko hulindwa na walinzi wa doria, na baadhi huhamishwa. Kwa Desemba Diani ina faida yake: Shimoni iko kusini tu, na kutoka hapo mashua huenda Kisite-Mpunguti, kupita kisiwa cha Wasini.

Anayetaka vitoto peke yake na yuko tayari kupitia Dar es Salaam aifikirie Mafia. Kwenye kisiwa cha Juani wageni hupelekwa kuona viota vikipasuka, hasa Juni hadi Septemba, na wanakijiji hupata sehemu ya ada.

Kwa hali yako

Una watoto wa chini ya miaka kumi na likizo ya Agosti tu: nenda Agosti, chagua ufuo wenye viota vingi katika tarehe zako, na uombe nafasi kwenye ufukuaji. Watoto walale mchana.

Hamna watoto, na bosi anakuruhusu kuchagua wiki: nusu ya kwanza ya Aprili, mwezi ukiwa nusu, siku nne, baada ya kupiga simu kuuliza viota vya wiki mbili zilizopita.

Mmoja wenu hawezi kukesha na mwingine anataka kumwona jike akitaga: Watamu mwezi Aprili, mmoja aende doria usiku, mwingine atembelee kituo cha matibabu mchana.

Una wiki ya Krismasi pekee, na mnajua kuogelea: Desemba, Diani na Kisite au Watamu, siku za bamvu, majini ifikapo saa tatu na nusu asubuhi.

Una siku mbili tu, mwezi wowote: usilipe kwa ajili ya kiota. Nenda kituo cha Watamu, uwaachie namba yako ya simu, na ukae karibu na ufuo. Kasa wa wavuvi hawafuati msimu.

Na popote utakapokwenda, kabla ya kulipa mwulize mwongozaji maswali matatu: kundi lina watu wangapi, mwanga gani hutumika, na nini hufanyika kasa asipotokea. Akijibu kwamba kundi ni dogo, mwanga ni mwekundu na huwashwa wakati wa kutaga tu, na kwamba kasa asipotokea mtarudi mmekosa, huyo anaijua kazi. Akikuhakikishia kwamba utamwona, tafuta mwingine.